Walisahau Kuandika Anwani: Santuri Elfu Moja Zilizoipa Roki Mbadala Njia

Kuna santuri moja ndogo ilitoka Marekani Julai 1981 ikiwa na kosa la kuchekesha. Jamaa aliyeitoa alikuwa na lebo yake mwenyewe na alitumia pesa yake mwenyewe, lakini nakala za kwanza zilipotoka kiwandani zilikuwa hazina anwani ya lebo. Hakuna sanduku la posta, hakuna namba ya simu. Yaani umeusikia wimbo, umeupenda, una duka lako unataka kuagiza nakala kumi, halafu hujui umtafute nani.

Na bado ziliisha zote.

Wimbo unaitwa Radio Free Europe. Bendi ni R.E.M., vijana wanne wa Athens. Siyo ile Athens ya Ugiriki, hapana, ni mji mdogo wa chuo katika jimbo la Georgia. Majina yao yapo kila kona ya mtandao, anayeyataka atayapata. Leo wataitwa kwa kazi zao tu, kwa sababu raha ya hadithi hii ipo kwenye njia waliyopita. Hiyo njia ndiyo iliyokuja kubeba muziki wote uliobandikwa jina la roki mbadala, miaka kumi kabla dunia haijajua kuna kitu kinaitwa hivyo.

Mpiga gitaa alikuwa muuzaji kwenye duka la santuri. Mwimbaji alikuwa mwanafunzi wa sanaa, mteja mwenye tabia ya kuchagua zile zile santuri ambazo muuzaji alikuwa anajiwekea mwenyewe. Ndiyo walivyojuana hivyo, kwa kugombania mzigo. Mpiga besi na mpiga ngoma walikuwa marafiki tangu sekondari, kwenye mji mwingine wa Georgia unaoitwa Macon. Tarehe 5 Aprili 1980 wanne hao walipiga shoo yao ya kwanza ndani ya kanisa la zamani lililokuwa halitumiki tena kwa ibada. Ilikuwa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao. Hakuna kampuni iliyotuma mtu kuwaangalia. Walikuja washkaji tu.

Mwaka uliofuata, Aprili, waliendesha gari hadi Winston-Salem, North Carolina, kwenye studio ya jamaa aliyeweka mitambo kwenye gereji ya wazazi wake. Wakarekodi. Yule mwanafunzi wa sheria wa Atlanta, ambaye naye alikuwa mwanamuziki, akasema atawatolea singo kupitia lebo yake ndogo iliyoitwa Hib-Tone.

Hapa hesabu ndiyo inanoga. Zilichapwa nakala 1,000. Kati ya hizo, 600 zilitolewa bure kwa watangazaji, waandishi na watu wa muziki. Zilizobaki za kuuza ni 400 tu. Mtu mwenye akili za duka la kawaida angesema huyu bwana amechanganyikiwa, zaidi ya nusu ya mzigo anagawa! Lakini alijua kitu kimoja: nakala iliyokaa kwenye boksi haimtafutii mtu yeyote mteja. Iliyopo mkononi mwa mtangazaji ndiyo inayofanya kazi.

Swali ni mtangazaji gani. Maana redio kubwa za Marekani za wakati ule zilikuwa zimefunga mlango na komeo.

Redio ya biashara inaishi kwa matangazo. Bei ya tangazo inategemea watu wangapi wanasikiliza, kwa hiyo adui namba moja wa meneja wa redio ni mkono wa msikilizaji unaogusa kile kitufe cha kubadilisha stesheni. Miaka ya sabini mwishoni stesheni nyingi zilishaanza kuajiri washauri waliowapangia orodha ya nyimbo. Orodha ikawa fupi, nyimbo zilezile zinazunguka, zote za watu ambao tayari ni maarufu. Mtangazaji ana sauti tamu, lakini hachagui wimbo. Sasa mlete pale kijana wa Athens anayeimba kwa kumumunya maneno, hata wewe uliyekaa karibu na spika husikii anasema nini. Nani atamweka?

Mlango mwingine ulikuwa chini kabisa ya redio, upande wa kushoto wa mshale.

Marekani, masafa ya FM kuanzia 88 hadi 92 yametengwa kwa stesheni zisizo za biashara. Ndiyo maana redio nyingi za vyuo zinapatikana huko. Zamani vyuo vilipewa leseni za wati 10 tu, nguvu ndogo mno, ukitoka nje ya eneo la chuo na vitongoji vyake unabaki na mikwaruzo. Mwaka 1978 serikali ikabadilisha utaratibu: leseni mpya za wati 10 zikasitishwa, na wenye nazo wakasukumwa wapande hadi wati 100 au zaidi, la sivyo wapoteze kinga ya masafa yao. Sheria kavu ya ofisini, hakuna aliyekuwa anafikiria gitaa. Lakini stesheni zilizopanda zikaanza kusikika hadi mitaani, kwenye vyumba vya kupanga na kwenye maduka ya santuri.

Pale Athens chuo kilikuwa na redio yake, WUOG, hewani tangu 1972. Na stesheni za namna hiyo zilikuwa kwenye miji ya vyuo nchi nzima. Zinaendeshwa na wanafunzi wanaojitolea, hawalipwi senti. Hawana matangazo ya biashara, kwa hiyo hawamwogopi mtu yeyote. Kijana wa zamu ya saa nane usiku anaweza kuweka anachotaka, na mara nyingi anachotaka ni kitu ambacho rafiki zake hawajawahi kukisikia. Sifa yenyewe ndiyo hiyo, kuwa wa kwanza.

Usidhani lakini ilikuwa fujo tupu. Kwenye stesheni iliyojipanga kulikuwa na mwanafunzi mmoja anayesimamia muziki. Huyo ndiye mlinzi wa geti. Bahasha zinaingia kila siku kutoka lebo ndogo za nchi nzima, anazifungua, anasikiliza, anabandika karatasi kwenye kava na kuandika maoni yake: huu mzuri, huu upande wa pili ndiyo mkali, huu una tusi usiuweke mchana. Halafu santuri mpya zinakaa kwenye sanduku lao maalumu ndani ya chumba cha matangazo, na kila mtangazaji anatakiwa achomoe kadhaa kutoka humo kila saa. Zinazobaki za saa hiyo ni uamuzi wake.

Ndiyo maana karatasi ile iliyobandikwa kwenye kava ilikuwa na thamani kuliko bango la barabarani. Mistari miwili ya kalamu ya mwanafunzi asiyelipwa, na wimbo unapigwa mara kadhaa kwa siku wiki nzima.

Kitu cha pili kilichofanya redio za vyuo ziwe na nguvu ni karatasi nyingine. Mwaka 1978 lilianza jarida linaloitwa CMJ, la mambo ya redio za vyuo. Stesheni zilikuwa zinatuma orodha za nyimbo walizopiga zaidi, jarida linazikusanya linachapa chati. Kabla ya hapo kila chuo kilikuwa kisiwa. Sasa mwanafunzi wa Ohio anaona kwamba wenzake wa Georgia na wa Massachusetts wanapiga kitu kilekile, anaenda kukitafuta kwenye rundo lake la bahasha ambalo hajalifungua. Na lebo ndogo isiyo na wakala hata mmoja inajua, bila kumlipa mtu, ni miji gani inaipenda.

Ukishaijua miji, unaijua safari.

R.E.M. walipanda kwenye gari kuukuu la rangi ya bluu, meneja wao ndiye dereva, posho ya chakula dola 2 kwa kichwa kwa siku. Utaratibu wa bendi za aina yao ulikuwa mmoja: mnaingia mji wa chuo mchana, mnapita redioni mnaongea na mtangazaji, mnapita duka la santuri mnaona kama nakala zenu zipo, usiku mnapiga kwenye klabu ndogo au hata kwenye duka la piza. Waliokuja wanaenda kuwaambia waliokosa. Mkirudi baada ya miezi michache, watu ni wengi zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kupima kama wimbo umeshika. Ukipigwa redioni na simu za kuuliza zinaingia, duka linasema limeishiwa na klabu imejaa mara ya pili, basi mji huo ni wenu. Ukipigwa redioni halafu klabuni wanakuja watu kumi na wawili, maana yake ni kwamba mtangazaji anaupenda wimbo lakini mji haujaupenda.

Sasa rudi kwa mwanafunzi wa sheria na santuri zake zisizo na anwani.

Nakala 1,000 zikaisha, na watu wakaendelea kuulizia. Zikachapwa nyingine 6,000. New York Times wakauweka wimbo kwenye singo kumi bora za mwaka 1981. Ukisoma hivyo unasema jamaa ametoboa, atulie ahesabu mshiko. Lakini chukua kalamu upige hesabu ya mfano, kwa namba rahisi.

Tuseme kila nakala na kava lake inagharimu dola 1 kuchapa, na msambazaji anainunua kwa dola 1 na senti 25. Nakala 1,000 za kwanza zimekula dola 1,000. Umegawa 600, umeuza 400, unadai dola 500. Angalia vizuri: unadai, hujalipwa. Wasambazaji walikuwa wanalipa baada ya miezi miwili, mitatu, au hawalipi mpaka wahakikishe una mzigo mwingine wanaoutaka. Hapo hapo wimbo unapanda, watu wanataka nakala 6,000, na kiwanda kinataka dola 6,000 sasa hivi, siyo baada ya miezi mitatu. Ukizitoa na zote zikauzwa, utaingiza dola 7,500. Toa 6,000 za kuchapa, toa 500 ulizopoteza mwanzo kwa kugawa, umebaki na dola 1,000. Bado hujalipa studio, stempu za bahasha, simu wala mafuta ya gari.

Kwa hiyo mafanikio ndiyo yanayoiua lebo ndogo. Wimbo ukifeli unapoteza kidogo unaendelea na maisha. Ukihit, unatakiwa uwe na pesa ambayo huna, haraka kuliko unavyolipwa. Hii ndiyo siri ambayo hadithi nyingi za "walianza chini" zinairuka.

Na pesa haikuwa tatizo pekee. Bendi haikuipenda sauti ya ile singo ilivyotoka. Mpiga gitaa alikasirika mpaka akavunja nakala moja akaibandika ukutani. Hebu ipate picha hiyo: wewe umetoa akiba yako, umebeba bahasha posta, na yule uliyemtolea anaipasua kazi anaitundika kama onyo. Wote wawili walikuwa na haki. Huyu alikuwa anailinda sauti yake. Yule alikuwa mtu wa kwanza duniani kuweka pesa kwa ajili ya sauti hiyo.

Mei 1982 R.E.M. walisaini na lebo nyingine, I.R.S. Kampuni kubwa ya RCA nayo ilikuwa inawataka, wakaikataa. Watu wengi wanaisimulia hapo kama hadithi ya vijana wenye msimamo, walioikataa pesa wakachagua udogo. Msimamo ulikuwepo, lakini angalia na mchoro wenyewe. I.R.S. ilikuwa ndogo kwa watu wake na tabia zake, ila santuri zake zilisambazwa na kampuni ya A&M, ambayo haikuwa ndogo hata kidogo. Yaani bendi inabaki na uhuru wa studio, inabaki karibu na wanafunzi wa redio za vyuo, halafu mzigo unafika dukani kwa malori ya wakubwa. Lile shimo ambalo Hib-Tone isingeweza kulivuka, I.R.S. ilikuwa tayari na daraja lake.

Na walifikaje I.R.S.? Koneksheni. Mpiga ngoma, kabla ya bendi, alikuwa amefanya kazi ndogo ndogo kwenye wakala wa shoo kule Macon. Mmoja wa mabosi pale alikuwa kaka wa damu wa mwenye I.R.S. Mdogo wao wa tatu alikuwa anapiga ngoma kwenye bendi ya The Police. Desemba 1980, bendi ikiwa na miezi minane tu, R.E.M. walifungua shoo ya The Police jijini Atlanta. Redio za vyuo zilikuwa mlango wa haki kweli, lakini ndani ya nyumba bado ilisaidia kama kuna mtu anakufahamu. Anayekwambia ni kipaji peke yake anakuficha nusu ya hadithi.

Aprili 1983 ikatoka albamu yao ya kwanza, Murmur. Ilifika nafasi ya 36 kwenye chati ya albamu ya Billboard, ikauza nakala zipatazo 200,000 hadi mwisho wa mwaka. Jarida la Rolling Stone likaichagua albamu bora ya 1983, mwaka ambao Thriller ya Michael Jackson ilikuwa inazoa kila kitu. I.R.S. waliwafanya waurekodi upya ule wimbo wa Radio Free Europe na kuutoa tena kama singo. Safari hii una kampuni, una usambazaji, una anwani. Ukaishia nafasi ya 78 kwenye chati kubwa ya singo.

Hapo ndipo unaona ukuta ulikuwa mnene kiasi gani. Waandishi wanakusifu, vyuo vinakupiga mchana na usiku, watu laki mbili wamenunua albamu yako, na redio ya biashara bado inakuangalia kama mtu aliyekosea nyumba.

Ili ujue R.E.M. walikuwa na bahati, watazame vijana watatu wa Minnesota, Hüsker Dü. Hawa walikuwa na lebo ya SST ya California, lebo iliyoanzishwa na mpiga gitaa mwenzao wa bendi nyingine. SST ilikuwa shule ya jasho: unarekodi haraka, unarekodi kwa bei chee, unalala sakafuni kwa mashabiki. Julai 1984 Hüsker Dü wakatoa Zen Arcade, albamu ya santuri mbili. Kurekodi na kuchanganya sauti vilichukua saa kama 85, gharama dola 3,200, nyimbo karibu zote zikichukuliwa mara ya kwanza tu bila kurudiwa.

Kazi ikawa moto. Waandishi wakaisifu, redio za vyuo zikaibeba. Lakini lebo, kwa woga wa kubaki na mzigo, ilikuwa imechapa nakala kati ya 3,500 na 5,000. Zikaisha ndani ya wiki chache. Bendi iko barabarani, inapiga kila usiku, redio ya mji inapiga nyimbo zao mchana, shabiki anatoka klabuni na pesa mkononi anaenda dukani asubuhi, anaambiwa haipo. Kwa miezi kadhaa albamu ikawa inapatikana na kupotea, inapatikana na kupotea.

Hapo hakuna adui wa kumtukana. SST wangechapa 20,000 na watu wasinunue, lebo ingekufa. Wamechapa chache, wakaumia kwa namna nyingine. Mwenye lebo ndogo anakisia, na pesa anayokisia nayo ni ya kodi ya nyumba. Lakini kwa bendi kila shabiki aliyerudi mikono mitupu ni hasara isiyorudi, kwa sababu wiki ijayo redio ya chuo inapiga kitu kingine. Watangazaji wale wale waliokuibua wana hamu ya kipya. Na muhula ukiisha, mtangazaji aliyekupenda anamaliza chuo anaenda kutafuta kazi, kiti chake anakaa mtu asiyekujua. Likizo ya kiangazi ikifika, mji wenyewe unabaki mtupu. Redio ya chuo inakupa moto, ila haikuwekei kuni.

Hüsker Dü wakahamia Warner, albamu ya kwanza huko ikatoka 1986. Walikuwa kati ya wa kwanza kabisa wa kundi lao kwenda kwa wakubwa. Mwanzoni mwa 1988 bendi ikavunjika. Usambazaji walikuwa wameupata, ila ndani kwao wenyewe kulikuwa kumeshachoka.

R.E.M. wao waliendelea kupanda ngazi moja moja. Albamu kila mwaka, kila moja ikiuza zaidi ya iliyopita au karibu yake, hakuna kuruka. Mwaka 1987 wimbo wao The One I Love ukafika nafasi ya 9 kwenye chati kubwa ya singo. Ilikuwa miaka saba tangu lile kanisa. Mwaka uliofuata wakasaini na Warner, mkataba ulioripotiwa kuwa kati ya dola milioni 6 na milioni 12. Posho ya dola 2 ikawa hadithi ya kusimulia wajukuu.

Mwaka huo huo wa 1988, Septemba, Billboard wakaanzisha chati mpya kwa ajili ya muziki huu, wakaiita ya roki ya kisasa. Ukifanya biashara unajua maana yake. Mtu akishakutengenezea kabati lako dukani, ameshaona pesa.

Halafu kuna jambo moja dogo ambalo watu hawalisemi sana. Hadi 1991, chati za albamu za Billboard zilitegemea maduka kupiga simu na kusema kwa makadirio nini kinauza. Muuzaji anataja anachokikumbuka, au anachotaka kiendelee kuuza. Mei 1991 wakaanza kutumia hesabu ya kompyuta kutoka kwenye mashine ya malipo, kila nakala inapopitishwa inahesabiwa. Ghafla ikaonekana watu wananunua nini hasa. Muziki uliokuwa unaitwa wa pembeni haukuwa pembeni kiasi kile.

Septemba hiyo hiyo ya 1991, bendi ya Nirvana ikatoa Nevermind. Albamu yao iliyotangulia ilitoka 1989 kwa lebo ndogo ya Seattle, Sub Pop, na kurekodiwa kwake kuligharimu dola 606 na senti 17. Hii mpya ilikuwa ya kampuni kubwa, ambayo hata hivyo ilianza kwa kupeleka madukani nakala 46,251 tu, kwa Marekani nzima. Haikutegemea makubwa. Januari 1992 Nevermind ikamshusha Michael Jackson kutoka namba moja, na dunia ikasema kuna muziki mpya umezaliwa usiku mmoja.

Usiku mmoja! Nyuma ya usiku huo kulikuwa na miaka zaidi ya kumi ya bahasha, karatasi zilizobandikwa kwenye makava, zamu za saa nane usiku na magari kuukuu. Redio za biashara zilipofungua mlango zilikuta njia imeshachongwa, maduka yanayajua majina, miji inajulikana, na wale waliokuwa wanafunzi wa 1983 sasa wana kazi na mishahara, wengine wameajiriwa na lebo hizo hizo kubwa. Muziki haukubadilika ghafla. Waliokuwa wanausikiliza walikua.

Na yule mwanafunzi wa sheria wa Atlanta? Haki zake kwenye ile kazi zikanunuliwa, singo ya kwanza ikabaki kuwa kitu cha wakusanyaji, wanaoitafuta kwa bei ambayo 1981 ingemlipia mtu kodi ya nyumba. Zinazotafutwa kuliko zote ni zile za mwanzo kabisa, zisizo na anwani. Kosa lake ndilo linalozitambulisha.

Jiweke kwenye viatu vyake basi. Una pesa ya nakala 1,000 na hakuna zaidi. Una wimbo ambao redio kubwa haitaugusa, na bendi ambayo siku ikikua itaondoka, hilo unalijua tangu mwanzo. Ungegawa 600 bure?